Utumbo uliojisokota: punje ya buni kwenye picha ya eksirei

Tuseme mzee wa miaka 60 anafikishwa Mpanda kutoka Sitalike, safari ya kilomita zipatazo 35. Kwa siku mbili hajapata choo wala kutoa ushuzi. Tumbo limejaa kama ngoma na linauma kwa vipindi. Anasema liliwahi kumjaa hivyo mwaka jana, likapoa lenyewe. Anapigwa picha ya tumbo akiwa amelala chali.

Picha inaonyesha nini?

Hewa huonekana nyeusi. Hapa utaona kitanzi kimoja kikubwa mno cha hewa, kinachoanzia chini kwenye nyonga na kupanda hadi karibu na ini. Kuta mbili za utumbo zimegusana katikati na kuchora mstari mweupe, kama mfereji wa punje ya buni. Ufuate mstari huo kwenda chini: unaelekea mahali utumbo ulipojisokota. Kuta za kitanzi ni laini, zimepoteza mikunjo ya kawaida ya utumbo mpana, na mara nyingi hakuna hewa kwenye puru.

Kitanzi hicho ni sigimoidi, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana kabla ya puru. Ikiwa ndefu, na shina lake likiwa jembamba, huzunguka kirahisi.

Picha haitoi jibu kila mara. Punje isipoonekana vizuri na dalili zikabaki zilezile, usiseme mgonjwa ni mzima. Kipimo cha CT kikipatikana husaidia.

Ina maana gani?

Kitanzi kimefungwa pande zote mbili. Hewa na choo haviwezi kutoka, na mishipa ya damu iliyo kwenye shina nayo inasokotwa. Damu isipofika, utumbo huoza na kutoboka. Kwa hiyo usimpe mgonjwa dawa ya kuharisha, chakula wala kinywaji. Anahitaji dripu na daktari wa upasuaji siku hiyohiyo.

Kama tumbo ni laini na hana homa, daktari anaweza kupitisha kifaa chenye taa kwenye njia ya haja kubwa, akakifungua kitanzi, kisha akaacha mpira ndani kwa siku moja au zaidi. Hewa hutoka kwa kishindo na tumbo hunywea palepale.

Lakini tumbo likiwa gumu, likiuma mfululizo, mapigo ya moyo yakienda mbio, au hewa ikionekana chini ya kiwambo kwenye picha ya kifua aliyopigwa akiwa wima, usisubiri mpira. Hapo ni upasuaji wa haraka.

Tumbo likinywea, amepona?

Bado. Sigimoidi ni ileile ndefu, na wengi hujisokota tena. Ndiyo maana daktari hushauri ikatwe kabla mgonjwa hajarudi nyumbani, ikiwa mwili wake unamudu upasuaji. Mzee wetu alipata onyo lake mwaka jana.