Muhindi wenye mapengo: ni udongo ulikosa chakula ama ni ua lilikosa kushika?

Katika bonde la Ruzizi, upande wa Sange, mama moja mulimaji anamenya muhindi wa kwanza wa musimu B katikati ya mwezi wa sita. Ndani anakuta punje chache tu, moja huku, ingine kule, kama meno ya mzee. Mtoto wake anapiga foto na kuituma kwa WhatsApp kwa agronomu wa kijiji. Jirani ameshatoa jibu lake: udongo umechoka, musimu ujao anunue mifuko miwili ya urea.

Mfano huu unajulikana na walimaji wengi wa mashariki. Shida yake ni kwamba muhindi wenye mapengo una sababu nyingi, na urea inatibu moja tu kati yao. Mwenye kukosea sababu anapoteza feza, na musimu unaofuata anavuna mapengo yaleyale.

Namna punje inavyozaliwa

Ili kusoma foto, lazima kwanza kujua punje inatoka wapi. Ua la juu, lile linalosimama kwenye kichwa cha mmea, ndilo dume. Linatoa unga mwembamba wa njano unaoitwa chavua. Ndevu zinazotoka kwenye ncha ya muhindi ndizo upande wa kike. Kila ndevu moja imefungwa kwa punje moja. Chavua ikianguka juu ya ndevu, punje yake inashika. Isipoanguka, nafasi ile inabaki wazi, hata kama udongo umejaa mbolea.

Ua moja linatoa chavua kwa siku chache, karibu wiki moja, na zaidi asubuhi. Ndevu za chini ya muhindi ndizo zinaanza kutoka, za ncha zinakuja za mwisho. Mmea ukiona kiu ama kivuli, ua la juu linatoka kwa wakati wake lakini ndevu zinachelewa. Zikifika, chavua imekwisha kupita.

Njaa ya udongo inafanya kazi kwa njia ingine. Mara nyingi punje zinashika vizuri, halafu mmea unakosa nguvu ya kuzilisha zote. Unaacha zile za ncha zife zingali ndogo, kwa sababu ndizo za mwisho kuzaliwa.

Kile muhindi wenyewe unasema

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia ni mahali mapengo yalipo.

Punje zikiwa zimetawanyika huku na huku bila mustari, ni alama ya kwamba ndevu nyingi hazikupata chavua. Sababu inaweza kuwa jua kali wakati wa maua, ndevu zilizochelewa, ama wadudu waliokata ndevu. Muhindi ukiwa na mistari mizuri toka chini lakini ncha iko tupu, jibu liko kwenye ile ncha. Ukiona hapo vipunje vidogo vilivyokauka na kukunjamana, vilishika halafu vikakosa chakula ama maji. Ukiona vialama laini tu, bila kipunje kilichovimba, havikushika kamwe.

Foto ya mama wa Sange inaonyesha punje zilizotawanyika. Hiyo inavuta kwenye upande wa maua. Lakini agronomu hakusema neno la mwisho. Alimupigia telefone.

“Mama, hii foto ni ya muhindi moja tu. Mulitoa wapi ndani ya shamba?”

“Kule kwenye kona, mwanangu, karibu na mufereji. Ndiyo tulianza kuvuna.”

“Basi ngojeni kwanza, musinunue kitu. Munitumie foto zingine, nitawaambia namna ya kuzipiga.”

Foto zilizokosekana

Aliomba kwanza mihindi mitano iliyotoka sehemu mbalimbali za shamba: kona, katikati, na kule kwenye mutelemko. Ilazwe kwenye mustari moja juu ya kitambaa ama gunia, ikiwa imemenywa kabisa, na bike ya kuandikia iwekwe pembeni ili ukubwa uonekane. Halafu igeuzwe, ipigwe foto ingine kwa upande wa pili, kwa maana kuna mihindi inayokosa punje upande moja tu.

Ya pili ni foto ya karibu ya ncha ya kila muhindi, ili kutofautisha kipunje kilichokufa na nafasi ambayo haikushika.

Ya tatu ni mmea muzima toka mizizi mpaka ua la juu, moja kwa kila sehemu. Hapo unaonekana urefu, unene wa shina, na kama jirani zake wanaufunika.

Ya ine ni majani matatu ya mmea uleule: la chini, lile lililo karibu na muhindi, na la juu. Mahali dalili inapoanza ndipo pana maana. Azoti ikipunguka, mmea unaiondoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye machanga. Ndiyo maana jani la chini linageuka njano kuanzia ncha, na ile njano inafuata mushipa wa katikati kama herufi V. Potasi ikikosa, ni tena majani ya chini, lakini ni kandokando ndiyo inageuka njano halafu inaungua, na katikati inabaki kijani. Fosfori ikikosa, mahindi machanga yanaonyesha rangi ya zambarau.

Foto zipigwe kwenye kivuli, bila taa ya telefone. Jua la jioni linafanya kila jani lionekane njano. Kwenye WhatsApp, kuzituma kwa njia ya “Document” kunazuia zisipoteze uwazi.

Tena aliuliza jambo ambalo watu wengi hawalifikirie: “Mama, ndani ya telefone ya mutoto hamuna foto ya zamani, ya wakati maua yalikuwa yanatoka?” Sababu ni hii: katikati ya mwezi wa sita, mahindi yanayokomaa yanakausha majani ya chini kwa kawaida yake. Jani la njano wakati huo halishuhudie kitu. Jani la wakati wa maua ndilo linashuhudia.

Shamba moja, magonjwa mawili

Foto zilipofika, hadithi ilibadilika.

Mihindi ya katikati ya shamba ilikuwa imejaa toka chini mpaka karibu na ncha. Ile ya kona, miwili, ilikuwa na punje zilizotawanyika. Muhindi wa mutelemko ulikuwa mufupi, na mistari ya sawasawa, lakini kwenye ncha kulikuwa vipunje vidogo vilivyokauka.

Mimea ya kona ilikuwa myembamba, na mirefu ya jirani iliifunika. Agronomu aliuliza kama ilipandwa siku moja na mingine. Mama akakumbuka: shamba lilipandwa mwisho wa mwezi wa pili, lakini maji ya mufereji yalibeba mbegu za kona. Alirudilia kupanda hapo karibu na tarehe 20 mwezi wa tatu, wiki tatu nyuma.

Hapo sababu ya kona ikaeleweka. Shamba kubwa lilitoa maua karibu na mwisho wa mwezi wa ine. Mimea ya kona ilitoa yake baada ya tarehe 15 mwezi wa tano, mvua ikiwa inakatika. Chavua ya jirani ilikuwa imekwisha. Mimea yenyewe ilikuwa michache, na ndevu zake zilichelewa kwa sababu ya kivuli na kiu. Urea isingeleta punje hata moja pale.

Mutelemko una hadithi ingine. Mtoto alipata ndani ya telefone foto moja ya mwisho wa mwezi wa ine, aliyojipiga akiwa amesimama kati ya mahindi. Nyuma yake majani ya chini yanaonyesha ile V ya njano. Mimea mingine, kule mbali katikati ya shamba, iko kijani. Foto hiyo ikiungana na ncha yenye vipunje vilivyokufa, azoti ndiyo inashitakiwa kwanza. Mvua hubeba azoti ya mutelemko kwa urahisi.

Jirani hakuwa amedanganya kabisa. Ila mifuko miwili kwa shamba zima ingekuwa feza nyingi kwa ugonjwa ulioko kwenye sehemu ndogo.

Cha kufanya, na wakati wake

Kwa musimu huu hakuna dawa. Muhindi ambao haukushika hauwezi kushika tena, na mbolea baada ya maua inasaidia kidogo sana.

Kwa musimu A, kuanzia mwezi wa tisa, mapengo ya shamba yazibwe ndani ya wiki moja baada ya mbegu kuota. Wakati huo ukipita, afazali kupanda maharagi mahali pale kuliko mahindi yatakayochelewa. Kwenye mutelemko, samadi wakati wa kupanda, halafu urea mahindi yakifika kwenye magoti, karibu wiki ine mpaka sita. Kifuniko kimoja cha chupa ya fanta kinatosha mmea moja. Iwekwe kando ya shina, umbali wa vidole vine hivi, udongo ukiwa na maji, halafu ifunikwe.

Kuna pia njia ya kujua mapema, bila kungoja mavuno. Siku tano hivi baada ya ndevu kutoka, vunja muhindi moja, fungua maganda polepole bila kuvuta ndevu, halafu utikise. Ndevu za punje zilizoshika zinaanguka zenyewe. Zile zinazobaki zimeshikamana ni za punje ambazo bado hazijapata chavua. Ukipiga foto hapo, inaonyesha shida ya maua waziwazi.

Pale foto inashindwa

Foto haipime udongo. Jani la njano linaweza pia kutoka kwa maji yaliyosimama kwenye mizizi, ama mizizi iliyoliwa na wadudu. Ndiyo maana mmea moja ung’olewe na mizizi yake ionekane. Ndevu zilizokatwa na viwavi zinaweza kufanana na ndevu zilizochelewa, mpaka mtu aangalie wakati wa maua kama zimebaki fupi kama kucha. Na ukosefu wa fosfori unaweza kuleta muhindi mudogo uliopindika wenye punje chache, yaani njaa ya udongo inayovaa nguo ya shida ya maua. Katika hali kama hiyo, jaribu kwenye mistari miwili tu kwa mbolea yenye fosfori, kama DAP ama NPK, na uache mistari miwili ya pembeni bila kitu. Wakati wa mavuno, piga foto ya mihindi ya pande zote mbili juu ya gunia moja.

Mama wa Sange ameanza hivyo. Amefunga kamba kwenye mutelemko ili kutenga sehemu yake, na amemwambia mtoto asifute foto ndani ya telefone.