Video nane, siku ngapi?

"Mambo kaka. Nataka video za duka langu, bei gani?"

Kila mpiga video wa Dar es Salaam ana meseji za namna hii kwenye simu yake. Jibu lake nalo linajulikana: "Inategemea dada." Hapo mwenye duka anahisi anazungushwa, anatuma meseji hiyohiyo kwa wapiga video wengine watatu, na jioni ana majibu matatu: laki nne, laki tisa, milioni mbili. Hajui nani mwizi na nani mwema. Ukweli ni kwamba wote wanaweza kuwa waaminifu, ila kila mmoja ameiwazia kazi tofauti. Wa kwanza amewaza kupiga na simu mchana mmoja, wa pili amewaza kamera na msaidizi, wa tatu amewaza taa, wanamitindo na droni.

Tuchukue duka moja la vitenge na mashuka ya urembo, fremu ndogo karibu na Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mwenye duka, dada wa miaka arobaini na kitu, anataka video fupi nane za kuweka Instagram na TikTok wiki chache kabla ya Idi, maana ndipo watu wanaposhona. Badala ya kuuliza bei gani, ameandika hivi:

"Habari za asubuhi mdogo wangu. Nina duka la vitenge Kariakoo. Nahitaji video 8 fupi, kila moja sekunde 30 hivi, za kusimama kwa ajili ya simu. Nne zionyeshe mzigo mpya, mbili zionyeshe mteja akipimwa na kufungiwa kitenge, mbili niongee mimi mwenyewe. Katika hizo 8, mbili nataka pia za kulala, nitaziweka kwenye runinga ya dukani. Video ya kwanza niipate wiki tatu kabla ya Idi. Naomba unichanganulie bei: maandalizi, siku za kupiga, vifaa, kuhariri kwa kila video, usafiri. Niambie pia marekebisho ni mara ngapi, muziki unatoa wapi, na kama bei ina VAT au haina. Ukitaka kuja kuona duka kwanza, njoo Jumanne kabla ya saa nne."

Meseji hiyo haina neno la kitaalamu hata moja, lakini imefunga milango karibu yote ya "inategemea". Idadi ipo, urefu upo, umbo la picha lipo, tarehe ipo. Hilo la umbo ni dogo kwa maneno na kubwa kwa kazi. Picha ya kusimama ina vipimo vya 1080 kwa 1920, na ya kulala ni kinyume chake. Ukimtaka mpiga video akutolee ya kulala baada ya kupiga ya kusimama tu, itabidi akate kipande cha katikati, na mteja aliyevaa kitenge kizuri atabaki kichwa na mabega. Akijua mapema, atasogea nyuma kidogo wakati wa kupiga ili picha moja ifae kukatwa namna zote mbili.

Sasa tuangalie mchanganuo uliorudi. Bei hizi ni za mfano, nimeziweka ili tupige hesabu, kwa hiyo msomaji asiende kumkaba mtu nazo. Maandalizi, yaani kuja kuona duka na kuandika nani atafanya nini kwenye kila video, shilingi 100,000. Siku mbili za kupiga, yeye na msaidizi na kamera, 250,000 kwa siku, jumla 500,000. Taa na maiki za kukodi, 60,000 kwa siku, jumla 120,000. Kuhariri video nane, 50,000 kila moja, jumla 400,000. Matoleo mawili ya kulala, 15,000 kila moja, jumla 30,000. Usafiri na chakula, 25,000 kwa siku, jumla 50,000. Yote pamoja ni 1,200,000.

Mwenye duka amepanga kutumia laki nane. Desturi yetu ni kurudi na "kaka, nipunguzie, nifanyie laki nane", na kijana mwenye shida ya kodi ya chumba atakubali. Kisha atapunguza mahali usipopaona: atakuja bila msaidizi, au bila taa, au ataharirisha kwa mdogo wake aliyeanza kujifunza juzi. Huna cha kumdai, kwa sababu mlikubaliana jumla tu.

Mchanganuo unakupa mahali pa kukata ukiwa unaona. Wengi wangeanza kwa kupunguza video. Tujaribu: kutoka nane hadi sita, siku zikibaki mbili, unaokoa 100,000 ya kuhariri na kubaki na 1,100,000. Si kitu. Sasa acha video zote nane, ila zipigwe kwa siku moja. Unaokoa 250,000 ya siku, 60,000 ya vifaa na 25,000 ya usafiri, jumla 335,000. Unabaki na 865,000. Gharama kubwa imekaa kwenye siku. Siku ikishalipwa, kila video ya ziada ni 50,000 ya kuhariri, basi.

Je, video nane zinaingia kwenye siku moja? Hapa ndipo mpiga video mzoefu anapotofautiana na anayekubali kila kitu. Kufunga taa na kujaribu sauti kunakula karibu saa nzima. Video ya mzigo mpya, kama vitenge vimeshapangwa, inaweza kuchukua dakika arobaini. Video ya mwenye duka akiongea inachukua zaidi, kwa sababu mtu asiyezoea kamera huongea mara sita kabla ya kutulia. Ongeza wateja wanaoingia kuuliza bei katikati ya kazi, na wabeba mizigo wanaopiga kelele wapishwe, ambao maiki inawasikia vizuri kuliko inavyomsikia dada. Nane kwa siku moja ya kawaida ya Kariakoo ni kujidanganya, lakini sita zinawezekana, hasa Jumapili mtaa ukiwa umepoa. Hesabu ya sita kwa siku moja ni hii: maandalizi 100,000, siku 250,000, vifaa 60,000, kuhariri 300,000, matoleo ya kulala 30,000, usafiri 25,000. Jumla 765,000. Dada amefika ndani ya laki nane yake, taa zimebaki, msaidizi amebaki, na hakuna aliyembembeleza mwenzake.

Swali la VAT nalo si la kupuuza. Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni 18%. Kama mpiga video ni kampuni iliyosajiliwa kutoza kodi hiyo na bei aliyotoa haina, basi ile 1,200,000 inaongezeka 216,000. Kama hajasajiliwa, hana ruhusa ya kukutoza.

Kwa nini ile siku ya kuja kuona duka ilipwe? Wenye maduka wengi wanaiona kama ujanja. Kwa duka la vitambaa ni kinyume, pengine ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote, kwa sababu ya rangi. Mbele ya fremu kunaingia mwanga wa jua, ndani kuna taa nyeupe zenye ukijani kidogo, na juu ya kaunta kuna balbu ya njano. Jicho letu linarekebisha lenyewe, kamera hairekebishi. Ukiipanga ifuate jua, vitenge vya ndani vinakuwa vya kijani. Ukiipanga ifuate taa, vya mlangoni vinakuwa vya bluu. Mteja wa Mwanza anaagiza kitenge cha zambarau alichokiona kwenye video, anapokea cha maruni, na lawama zinamwangukia muuzaji.

Tena taa zenyewe zinacheza. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kila sekunde bila sisi kuona. Kamera iliyoachwa kwenye mpangilio wa nchi za mizunguko 60, kama Marekani, huchukua picha kwa kasi isiyolingana na mpepeso huo, na matokeo yake ni mistari myeusi inayotambaa juu ya picha. Dawa yake ni kuweka kasi ya shata kwenye 1/50 au 1/100. Mwenye duka hahitaji kujua hayo yote. Anachoweza kufanya ni kuomba klipu ya sekunde kumi iliyopigwa siku ya kuja kuona duka, ashike kitenge chenyewe mkononi na kukilinganisha na skrini. Rangi ikikataa hapo, au mistari ikitambaa, ni mapema bado.

Ugomvi mwingi, hata hivyo, hauanzi siku ya kupiga. Unaanza baada ya rasimu kuletwa. Ndiyo maana mstari wa marekebisho ni muhimu kuliko mwenye duka anavyodhani. Kwenye mchanganuo wetu kijana aliandika: marekebisho mara mbili kwa kila video, ya tatu inalipiwa 10,000. Ni haki, ila panahitaji kutenganishwa mambo mawili. Kama bei iliyoandikwa kwenye video ni 35,000 na wewe ulimtumia 45,000, hilo ni kosa lake, halihesabiwi. Kama wewe ndiye umebadili bei baada ya mzigo kupanda, hilo ni rekebisho. Na usimtumie maoni kidogokidogo, leo moja, kesho jingine, keshokutwa la shemeji. Tazama video yote, andika meseji moja: sekunde ya 4 jina la duka limekosewa, sekunde ya 12 muziki umezidi sauti yangu, mwisho weka namba ya simu. Hiyo ni mara moja. Zile zilizotawanyika zitahesabiwa tatu, na atakuwa sahihi.

Kuhusu muziki, kijana alijibu kwamba atatumia wimbo unaovuma. Dada akakataa, na alifanya vyema. Akaunti za biashara hazina ruhusa ya kutumia nyimbo zote ambazo akaunti za kawaida zinatumia. TikTok ina maktaba yake ya muziki wa kibiashara, na Instagram nayo huwawekea wafanyabiashara mipaka. Video yenye wimbo usioruhusiwa inaweza kunyamazishwa au kuondolewa, tena katikati ya msimu. Wakakubaliana muziki utoke kwenye maktaba hizo, bila kubadili bei.

Kitu kimoja dada alikisahau kwenye meseji yake: video zitakabidhiwaje. Ukitumiwa kama video ya kawaida ya WhatsApp, inabanwa, na maua madogo ya kitenge yanageuka ukungu. Aombe atumiwe kama faili au kupitia Google Drive. Na picha ghafi aulize zitatunzwa hadi lini, kwa sababu kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa, na hakuna kijana atakayekutunzia hizo milele bila kuambiwa.

Jumanne saa tatu na nusu kijana alifika. Alisimama mlangoni, akazima balbu ya njano juu ya kaunta, akapiga klipu, akaiwasha, akapiga nyingine. Kisha akamwomba dada amfunulie vitenge viwili vyekundu. Jioni mchanganuo ulirudi na mstari mmoja mpya: pazia jeusi la mlangoni, kukodi, 15,000. Jumla ikawa 780,000. Dada aliulizia pazia la nini, akaletewa klipu mbili, akazitazama, akajibu: "Sawa. Jumapili saa mbili asubuhi, nitakuwa nimeshapanga mzigo."