Likizo na Hesabu ya Siku za Kazi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona kwamba kutoa tarehe moja kwa nyingine hutupa siku za kalenda tu. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 hakizungumzii siku hizo. Kinampa mfanyakazi likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, na karani wa Lodwar akihesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu ndani ya 21 hizo, mfanyakazi amepunjwa.

Chukua mfanyakazi wa ofisi ya Lodwar, anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, aliyeomba likizo kuanzia Jumanne, 9 Aprili 2024, hadi Ijumaa, 10 Mei 2024. Siku ya kuanza iko kwenye seli B2, ya mwisho C2. Tukiandika

```
=NETWORKDAYS(B2,C2)
```

jibu ni 24. Fomula huhesabu siku ya kwanza na ya mwisho pia, ikaruka Jumamosi na Jumapili. Kwa jibu hilo, mtu huyu amevuka haki yake kwa siku tatu, na pengine atakatwa mshahara.

Lakini fomula haijui sikukuu hata moja ya Kenya mpaka uiandikie. Kwenye safu ya H tuweke 10 Aprili, iliyotangazwa kuwa Idd-ul-Fitr, na 1 Mei, Siku ya Wafanyakazi:

```
=NETWORKDAYS(B2,C2,$H$2:$H$40)
```

Sasa jibu ni 22. Bado kuna moja. Mwezi huo wa Mei, baada ya mafuriko makubwa, Rais William Ruto aliitangaza Ijumaa ya tarehe 10 kuwa siku ya mapumziko, ya kuwaomboleza waliokufa na kupanda miti. Karani aliyeandika orodha yake Januari hangeweza kuijua. Akiiongeza, jibu linashuka hadi 21: mfanyakazi hadaiwi hata siku moja.

Ndiyo maana nimeacha nafasi hadi H40. Seli tupu hazidhuru hesabu, na kila tangazo jipya la serikali lina mahali pa kuandikwa. Idd hasa hutegemea mwandamo wa mwezi, kwa hiyo tarehe yake ya kukisia ithibitishwe tangazo linapotoka. Kakuma, ambako Waislamu ni wengi, karani asipoirekebisha atasikia malalamiko siku hiyo hiyo.

Zile alama za dola nazo zina kazi. Ukinakili fomula kushuka chini bila kuziweka, orodha nayo hushuka: mfanyakazi wa pili anahesabiwa kuanzia H3, wa tatu kuanzia H4, na sikukuu za juu zinapotea kimyakimya. Ukiona watu wawili wenye tarehe sawa wamepata majibu tofauti, anza kutafuta hapo.

Sikukuu ikiangukia Jumapili, sheria ya Kenya huifanya siku inayofuata kuwa ya mapumziko. Fomula haiihamishi. Siku ya Mashujaa, 20 Oktoba 2024, ilikuwa Jumapili. Aliyeandika tarehe 20 peke yake hakupunguza chochote, kwa kuwa Jumapili ilishatolewa. Kilichotakiwa kwenye orodha ni Jumatatu, tarehe 21. Sikukuu ya Jumamosi, kama Madaraka ya mwaka huo, haihamishwi.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni la kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi kabla ya siku. Ukiandika 09/04/2024 yenyewe huelewa 4 Septemba, na 10/05/2024 huwa 5 Oktoba. Fomula ya kwanza sasa inatoa 23. Hakuna onyo lolote, na 23 ni jibu ambalo mtu angeliamini. Kwa hiyo weka pembeni seli ya kukagua:

```
=TEXT(B2,"dddd d mmmm yyyy")
```

Ikisomeka Jumanne ya Aprili, endelea. Ikitaja Septemba, andika tarehe upya kwa `=DATE(2024,4,9)`, ambayo haina utata: mwaka, mwezi, siku. Orodha ya sikukuu ikaguliwe vivyo hivyo, maana nayo hugeuka.

Tumalizie Kakuma, kwenye duka linalofunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi. Huko Jumamosi ni siku ya kazi, na NETWORKDAYS ya kawaida itampendelea mfanyakazi isivyostahili. Tumia hii:

```
=NETWORKDAYS.INTL(B2,C2,"0000001",$H$2:$H$40)
```

Tarakimu saba ni siku saba kuanzia Jumatatu. 0 ni kazi, 1 ni mapumziko. Kwa tarehe zile zile tunapata 25, kwa sababu Jumamosi nne zimeingia. Mwenye duka anayefunga Ijumaa badala ya Jumapili ataandika "0000100". Mfanyakazi wa duka la Kakuma, kama haki yake ni siku 21, ametumia nne zaidi, na hizo zikubaliwe kwa maandishi kabla hajaondoka.

Wiki ijayo tutaigeuza hesabu: tunajua siku ni 21, tunatafuta tarehe ya kurudi kazini kwa WORKDAY.