Mistari Miwili kwa Mfiwa Usiyemjua Sana

Katika ofisi nyingi za Kitale kadi ya rambirambi hufika mezani ikiwa ndani ya bahasha kuukuu ya kaki, pamoja na karatasi ya mchango yenye majina na alama za waliokwisha kutoa, na aghalabu humkuta mtu katikati ya shughuli nyingine; naye, akiisha kuuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefiwa, na kujibiwa kwamba ni yule dada wa mapokezi au yule bwana wa ghalani, hushika kalamu, hutazama waliomtangulia wameandika nini, kisha huongeza "Pole sana" ya kumi na tisa chini ya zile kumi na nane. Nimezitunza kadi za namna hii kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mhazili na baadaye katibu wa kamati ya maslahi, na sina ugomvi na neno pole, ambalo ni neno kongwe lenye heshima yake. Lakini nimepata kukaa na wafiwa walipokuwa wakizisoma kadi zao, nikaona jinsi jicho linavyopita juu ya zile pole zote kama mtu apitaye mbele ya milango iliyofungwa, hata likafika mahali fulani likasimama, na mara nyingi mahali lilipotulia palikuwa pameandikwa na mtu ambaye mfiwa hakumjua sana.

Kinachomfunga mwandikaji ni dhana kwamba ametakiwa kumsemea marehemu, na kwa kuwa hakupata kumwona, hana la kusema. Lugha yetu imekwisha kumwonyesha njia nyingine. Kutokana na kufa tumepata kufia, na kutokana na kufia tumepata kufiwa, kitenzi kinachomtanguliza aliyebaki na kumweka aliyeondoka nyuma yake: fulani amefiwa na mama yake. Watu wa pwani wasemapo makiwa, hulitoa neno hilo katika ukiwa, na ukiwa ni hali ya aliyeachwa, si ya aliyekwenda. Tanzia ndiyo habari ya kifo. Taazia, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kumliwaza aliyefikwa na msiba. Basi kadi ni taazia, nayo huandikwa kwa mtu ambaye, hata kama humjui sana, umewahi angalau kupishana naye mlangoni.

Kumsemea marehemu kuna wenyewe. Wabukusu wa Bungoma, anapokufa mzee mwenye wajukuu na hadhi katika ukoo, hufanya baada ya mazishi mkutano wanaouita khuswala kumuse, ambapo mfariji wa kazi hiyo, aliyeirithi katika ukoo wake, huenda na kurudi mbele ya watu akisimulia habari za koo na za waliopita, naye husema kwa muda mrefu wakati wote wakimsikiliza. Yeye ana haki ya maneno mengi kwa sababu ana ilimu ya nasaba. Mwenzetu wa idara ya hesabu, ambaye amejua jana tu kwamba dada wa mapokezi alikuwa na mama, hana haki hiyo, na akiandika kwamba mama huyo "alikuwa nguzo ya jamii na taa ya wote waliomjua," kila asomaye atafahamu kuwa maneno hayo yamechukuliwa rafuni.

Nisijitakase. Mwaka mmoja, katika ofisi ambayo sitaitaja, nilitia sahihi kadi kwa haraka bila kuuliza, nikamwandikia mwenzangu kwamba namwombea subira kwa kuondokewa na mkewe. Kumbe aliyefariki alikuwa mama mkwe, na mkewe, akiwa hai na mzima, ndiye aliyeifungua kadi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika kwa penseli juu ya bahasha maneno matatu kabla haijaanza safari yake: aliyefiwa, aliyefariki na uhusiano wao, na mahali pa mazishi. Hilo la tatu lina maana yake katika nchi hii, kwa sababu familia nyingi za Bungoma zilipata mashamba Trans Nzoia katika skimu za makazi baada ya uhuru, hata mtu akawa anafanya kazi Kitale, ana shamba Kiminini, na wazee wake wamezikwa Chwele au Kimilili. Usimwandikie "safari njema ya Bungoma" mtu ambaye mazishi yake yako dakika kumi kutoka ofisini.

Jambo linalotaka hadhari kubwa zaidi ni dini, kwa kuwa hapa ndipo maneno ya mazoea huteleza bila mwenyewe kujua. Waumini wa Kanisa la Marafiki, ambao misheni yao ilianza Kaimosi mwaka 1902, wamejaa katika pande hizi. Wakatoliki wana majimbo Bungoma na Kitale. Na pamoja nao wamo Jeshi la Wokovu, Wapentekoste, Waadventista Wasabato, Waislamu na wafuasi wa Dini ya Musambwa. Sasa tazama sentensi ambayo kila mtu huiandika bila kufikiri, kwamba Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Hiyo ni dua kwa ajili ya maiti. Mkatoliki ataipokea kwa shukrani, maana kanisa lake humwombea aliyekufa. Waprotestanti wengi hufundishwa kwamba mtu akiisha kukata roho haombewi tena. Na Msabato, ambaye huamini kuwa wafu wamelala hadi ufufuo, akiambiwa "mama anakutazama kutoka mbinguni" ataona kwamba mwenzake amemfariji kwa jambo ambalo yeye na mama yake hawakuliamini kamwe. Mwislamu naye huzikwa siku ileile au ya pili yake, kwa hiyo kadi itamfikia mfiwa akiwa amekwisha kurudi kutoka makaburini, na ahadi ya kuwa pamoja naye siku ya mazishi itakuwa imepitwa na wakati. Ukiwa hujui dini ya mtu, ielekeze dua yako kwa aliye hai: "Mungu akutie nguvu," au "Mola akupe subira." Sijapata kuona nyumba katika pande hizi, ya msikiti au ya kanisa, iliyoyakataa maneno hayo. Na kama wewe mwenyewe si mtu wa kusali, usiandike "nakuombea," kwa kuwa hiyo ni ahadi, andika "nakufikiria wewe na nyumba yako."

Yako maneno mengine ambayo hayana budi kuachwa. "Ni mapenzi ya Mungu" huweza kusemwa na shangazi aliyelia pamoja na mfiwa usiku kucha, lakini yakitoka kwa mtu wa ghorofa ya pili huwa kama hukumu. "Ukihitaji chochote niambie" ni hundi isiyo na fedha, maana mfiwa hana hata namba yako ya simu. Kiasi cha mchango wako kina karatasi yake, hakina mahali katika kadi. Na wale wenye desturi ya kumwita mwanamke kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Fulani, wasiandike hivyo kabla ya kuhakikisha kwamba aliyefariki si mtoto huyohuyo. Niliwahi kuiacha kadi nzima na kununua nyingine kwa sababu hiyo, na waliokwisha kuandika wakaandika tena.

Kuhusu nafasi, hesabu yake ni nyepesi. Kadi ya kawaida ni sawa na karatasi ya A4 iliyokunjwa katikati, yaani kurasa mbili za ndani zenye sentimita 21 kwa 15 kila moja. Ukitoa pa salamu ya pamoja, watu 30 hubakiwa kila mmoja na eneo la kisanduku cha kiberiti, ambalo hutosha mistari miwili au mitatu na jina. Usiyemjua sana mfiwa, anzia pembeni, uwaachie katikati wanaoketi naye chumba kimoja, hata kama kadi imekufikia wewe kwanza.

Na jina lenyewe ni sehemu ya ujumbe. Wabukusu humpa mtoto jina la majira aliyozaliwa: Wafula na Nafula wa mvua, Wanjala na Nanjala wa njaa, Wekesa na Nekesa wa mavuno, Simiyu na Nasimiyu wa kiangazi, kwa hiyo ofisi ya watu 30 huweza kuwa na akina Wafula watatu na akina Nekesa wanne bila ajabu. Mfiwa husoma kadi mara ya pili baada ya matanga, nyumba ikiisha kunyamaza, na hapo ndipo hutaka kujua ni Wafula gani aliyemwambia neno lile. Tia majina mawili na mahali pa kazi.

Hebu tuitazame kadi moja hatua kwa hatua. Dada wa mapokezi katika ofisi ya Kitale amefiwa na mama yake. Mazishi ni Jumamosi, karibu na Chwele. Ujumbe wa ofisi utaondoka alfajiri. Mimi, katibu, niliandika juu, kwa hati ya kusomeka, kwa sababu huenda mshereheshaji akaitwaa na kuisoma kwa kipaza sauti mbele ya ukoo mzima: "Kwa dada yetu na jamaa yake yote. Tumepokea kwa huzuni habari za kufiwa kwako na mama. Sisi wafanyakazi wenzako tuko pamoja nawe." Chini yake aliandika mtu wa ghala, ambaye hamjui dada huyu ila kwa jambo moja, kwamba kila asubuhi humwitikia salamu. Mara ya kwanza aliandika katika karatasi ya pembeni: "Pole sana kwa pigo hili kubwa, mama alikuwa mtu mwema, Mungu alimpenda zaidi." Nilimwuliza ni lipi kati ya hayo alijualo, akafikiri, akafuta yote ila neno la kwanza. Kisha akaandika: "Pole sana, dada, kwa kufiwa na mama. Kila asubuhi wewe ndiwe wa kwanza kunisalimu hapa kazini. Leo nami nakusalimu katika msiba wako. Mungu akutie nguvu." Akatia majina yake mawili, na neno "ghalani."

Dereva wa gari, ambaye hakuwa hata na salamu ya kutaja kwa kuwa aliajiriwa mwezi uliotangulia, aliona haya kuandika, akataka apitwe. Nilimwambia aandike hivyo hivyo ilivyo, naye akaandika kwamba ni mgeni kazini, hawajapata kuzungumza, na kwamba yeye ndiye atakayewapeleka wenzake Chwele siku ya Jumamosi. Wawili waliokuwa likizo hatukuwatilia sahihi. Tuliacha pembe moja tupu, wakaandika wenyewe, maana kadi ilipitishwa kwao kabla haijafungwa Ijumaa jioni.

Dada yule alirejea kazini baada ya majuma mawili. Siku ya kwanza aliuliza njia ya kwenda ghalani, mahali ambapo kwa miaka mitatu hakuwahi kuwa na shughuli napo.