Gumzo la kujiandikia mwenyewe si kasha la siri

Chukua mfano wa kijana wa Likoni aliyepata kazi katika duka la pembejeo huko Soy, kando ya barabara ya Eldoret kwenda Kitale. Nyumbani kwao yeye ndiye mjuzi wa simu. Mama akitaka kuingia eCitizen, ni yeye. Dada akisahau nywila ya KRA, ni yeye. Basi tangu WhatsApp ilipoleta sehemu ya kujiandikia mwenyewe, mwishoni mwa 2022, kijana huyu amekuwa akijirushia kila kitu humo: picha ya kitambulisho cha mama, mbele na nyuma, nywila za watu watatu, na namba ya siri ya M-Pesa ya mama, kwa sababu mama husahau.

Mwisho wa Juni unafika, siku za kuwasilisha ritani za kodi. Anakwenda saiba pale sentani kuchapisha karatasi. Anafungua WhatsApp kwenye kompyuta, anaskani mraba kwa simu yake, anapakua faili, anachapisha, analipa, anafunga dirisha na kwenda zake.

Kosa liko hapo mwisho. Kufunga dirisha si kutoka. Kompyuta ile imebaki kuunganishwa na akaunti yake, na mteja anayefuata akifungua ukurasa uleule anakuta mazungumzo yote, pamoja na lile lenye jina lake na neno (You) pembeni. WhatsApp hukata vifaa vilivyounganishwa iwapo simu yenyewe haikutumika kwa siku 14, lakini yeye simu yake huishika kutwa kucha, kwa hiyo kikomo hicho hakimsaidii. Hata akizima simu alale, kompyuta inaendelea kupokea.

Hapa wengi huuliza: si tunaambiwa jumbe za WhatsApp zimefungwa, hata kampuni haizisomi? Ni kweli, lakini fikiria kontena linalotoka Kilindini likiwa na lakiri. Njia nzima hadi Eldoret hakuna anayelifungua. Likifika na kufunguliwa, mzigo uko wazi kwa yeyote aliyemo ghalani. Kufuli ya WhatsApp hulinda safari. Simu yako na kila kompyuta uliyoiunganisha ni maghala, na ukijiandikia mwenyewe, hakuna kingine ila ghala.

Je, mwizi atafanya nini na vitu vile? Namba ya siri ya M-Pesa peke yake haitoi pesa, maana laini iko kwa mama. Lakini picha ya kitambulisho iko papo hapo, na hiyo ndiyo mtu huitumia kumdanganya wakala, au kula njama naye, ili laini ya mama ihamishiwe kadi nyingine. Laini ikishahama, kizuizi kilichobaki ni ile namba ya siri, nayo imeandikwa mstari wa chini yake. Hatari haiko kwenye kitu kimoja bali katika kuviweka vyote mahali pamoja. Na anayeibiwa si aliyeandika, ni mama aliye Likoni.

Kusafisha kuna mpangilio wake, na ukiruka hatua utabakisha mabaki.

Kwanza fungua sehemu ya Linked devices kwenye WhatsApp ya simu yako. Utaona orodha ya vifaa na lini kila kimoja kilitumika mara ya mwisho. Ukiona kompyuta usiyoijua, au saa ambayo wewe ulikuwa dukani, mtu mwingine amekuwa akisoma. Gusa kila kimoja na ubonyeze Log out. Ila jua kwamba faili ulizopakua pale saiba hazitoki kwa hatua hii. Zimo katika folda ya Downloads ya kompyuta ile, na ni lazima zifutwe palepale.

Pili, kabla ya kufuta, hamisha unachokihitaji mahali salama, kama tutakavyoeleza. Kisha badilisha kila nywila iliyowahi kukaa humo. Kufuta maandishi hakumsahaulishi aliyekwisha kuyasoma. Mama naye abadilishe namba ya siri ya M-Pesa kwa mkono wake.

Tatu, fungua gumzo lile na uchague Clear chat, ukikubali picha nazo zifutwe. Halafu nenda kwenye picha za simu uangalie kwa macho yako, kwa kuwa WhatsApp ya Android huweka nakala ya picha ulizotuma katika folda yake iitwayo Sent. Ukizifuta huko, safisha pia pipa la taka. Google Photos huweza kushika picha iliyofutwa hadi siku 60.

Nne ni akiba. Kama simu huhifadhi mazungumzo kwenye Google Drive, nakala ya jana bado ina siri zote. Ingia Settings, Chats, kisha Chat backup, uhifadhi upya sasa hivi ili nakala safi ichukue nafasi ya ile chafu. Hapohapo washa End-to-end encrypted backup. Imekuwepo tangu 2021 lakini haijiwashi yenyewe. Ukipoteza nywila yake, akiba haifunguki tena, kwa hiyo iandike karatasini. Simu yenyewe pia huweka nakala za siku chache zilizopita, ambazo hujifuta kadiri siku zinavyopita.

Wako watakaosema: mimi nitalifunga gumzo kwa alama ya kidole, yatosha. Hilo ni pazia. Linamzuia mtoto anayechezea simu, lakini siri bado zimo ndani ya akiba.

Sasa, ziwekwe wapi? Nywila ziwekwe katika programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Simu nyingi za Android tayari zina Google Password Manager. Wanaotaka ya kujitegemea wana Bitwarden, ambayo ni bure kwa matumizi ya kawaida. Unakariri nywila kuu moja, ndefu, na zilizobaki inazishika yenyewe. Lakini ile ya Google hufunguka kwa namba ileile inayofungua skrini ya simu. Kama namba hiyo ni mwaka wako wa kuzaliwa, na ndiyo pia ya M-Pesa, hujafanya kitu.

Picha za vitambulisho ziwekwe katika folda yenye kufuli. Programu ya Files ya Google ina Safe folder, na Samsung wana Secure Folder. Zile za Safe folder hubaki ndani ya simu tu, na ukisahau namba ya kufungulia huzipati tena, basi karatasi asili zitunzwe vyema nyumbani.

Namba ya M-Pesa ikae kichwani. Mama akisahau, haina haja kijana wa Soy amkumbushe. Aiandike kwenye daftari lake, bila kutaja ni ya nini, na daftari likae kabatini kwake penye ufunguo. Mwizi wa mtandaoni hafiki kwenye kabati la Likoni. Kisha apige *100*100# kwa laini yake ya Safaricom, ili mawakala wasiweze kuihamisha bila yeye kufika katika duka la kampuni.

Na siku nyingine ukienda saiba, usiifungue WhatsApp yako kwenye kompyuta ya mtu. Beba faili kwenye flashi, au itume peke yake kwa barua pepe ya saiba, na usiondoke kabla hujaiona ikifutwa.