Ndoo nne na wateja wanane: kabla hujamtumia mdogo wako hela ya kuosha magari

Simu ya namna hii wengi wetu tumeshaipokea. Mdogo wako yuko Dar es Salaam, hana kazi ya kueleweka, na anakuomba umtumie hela afungue sehemu ya kuoshea magari. Anataka mashine ya presha, tangi la maji, banda na kodi ya kiwanja. Ukijumlisha, hiyo ni mishahara yako ya miezi kadhaa, iwe unasafisha nyumba Muscat au unabeba zege Doha.

Ushauri wetu ni mfupi: usitume hela ya mashine kwanza. Tuma ya ndoo. Kazi ya ndoo ikimshinda, mashine haitamwokoa. Ikimkubali, wateja wenyewe ndio watakaokuonyesha kama mashine inahitajika.

Huku Ghuba mfano wake tunauona kila siku. Kwenye maegesho ya majengo kuna jamaa mwenye ndoo na vitambaa, anafuta magari yaleyale alfajiri kabla wenyewe hawajashuka, na analipwa kwa mwezi. Hasimami barabarani kusubiri bahati. Mpango huo wa malipo ya mwezi ndio tunaotaka uupeleke nyumbani.

Lakini usijaribu kuufanya wewe mwenyewe huku siku yako ya mapumziko. Visa yako imekufunga kwa mwajiri wako. Kuosha magari ya watu wengine kwa malipo bila kibali ni kosa, na unaweza kutozwa faini au kurudishwa nyumbani. Hela ndogo ya ndoo isikuharibie mkataba.

Maji kiasi gani kwa gari moja

Turudi kwa mdogo wako. Gari dogo kama IST linaoshwa vizuri kwa lita 60, yaani ndoo tatu za lita 20. Mpira wa bomba ukiachwa wazi dakika kumi tu unaweza kumaliza zaidi ya lita 100, ndiyo maana mwenye nyumba anayelipa bili ya maji anampenda mtu wa ndoo.

Lita hizo 60 zinagawanywa hivi. Ndoo moja ya maji safi ni ya kuloanisha gari lote kwa kopo, kuanzia juu, ili vumbi na mchanga viteremke kabla kitambaa hakijagusa rangi. Nusu ndoo inatiwa shampuu ya gari, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Nusu ndoo nyingine ni maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila baada ya sehemu moja, kabla hakijarudi kwenye sabuni. Ndoo ya mwisho ni ya kusuuza gari. Kwa hiyo anahitaji ndoo nne, hata kama maji ni ya ndoo tatu.

Ile nusu ndoo ya kusuuzia kitambaa wengi wanaiona ni kupoteza muda, wanairuka. Hapo ndipo wateja wanapopotea. Kitambaa kikichovywa kwenye sabuni ileile tangu mwanzo mpaka mwisho, mchanga unabaki ndani ya ndoo na unarudi kwenye bodi. Gari likiwa limelowa huoni kitu. Mwenye gari anaona kesho yake juani: mikwaruzo midogo ya duara kwenye boneti, kama utando wa buibui. Hatagomba sana, ila hatampigia tena.

Rimu na matairi yanaoshwa mwisho, kwa brashi na kitambaa chake cha peke yake. Kitambaa kilichoanguka chini hakirudi kwenye gari siku hiyo. Na sabuni ya unga ya kufulia iachwe kwenye nguo, kwa sababu inaondoa nta inayolinda rangi.

Jambo jingine la Dar ni maji ya kisima. Visima vingi vina maji ya chumvi, na maji hayo yakikauka juu ya gari yanaacha madoa meupe kwenye vioo na bodi nyeusi. Kama hana maji mengine, ile ndoo ya mwisho angalau iwe ya maji baridi ya bomba, na gari likaushwe hapohapo kwa taulo. Aoshee kivulini au jua likiwa limepungua. Bodi ikiwa ya moto, sabuni inakauka kabla hajaisuuza.

Bei itoke wapi

Vijana wengi wanataja bei kwa kumtazama mteja usoni. Sisi tunapenda ianze na kazi. Bei tunazoweka hapa ni za mfano. Mwambie mdogo wako aulize za mtaani kwake, halafu mpige upya hesabu.

Tuseme kuosha gari dogo lote ni shilingi 3,000 na kulifuta vumbi asubuhi kwa kitambaa chenye maji ni shilingi 1,000. Mteja wa mwezi anapata kuoshewa mara mbili kwa wiki na kufutiwa siku nne, Jumapili mapumziko. Kwa wiki nne hiyo ni kuosha mara 8, shilingi 24,000, na kufuta mara 16, shilingi 16,000. Jumla ni 40,000. Mteja akisema ni ghali, kijana anaweza kumwonyesha hela yake inakwenda wapi. Akitaka kupunguziwa, apunguziwe siku, bei ya kazi ibaki palepale.

Sasa maji. Kuosha mara 8 kwa ndoo tatu ni ndoo 24. Kufuta mara 16 kwa nusu ndoo ni ndoo 8. Jumla ndoo 32 kwa gari moja. Kama ndoo anainunua shilingi 100, gari hilo linakula 3,200 kwa mwezi. Mgao wa maji ukija na ndoo ikafika 200, inakuwa 6,400. Kwa hiyo siku ya makubaliano aulize mapema: maji ni ya nani? Mteja akitoa maji kwenye bomba lake, hapo panaweza kutolewa punguzo la haki.

Kwa nini wanane

Hapa ndipo hesabu za kwenye simu zinapodanganya. Mdogo wako atakwambia, "Kaka, wateja ishirini kwa elfu arobaini, ni laki nane!" Mwulize ataosha saa ngapi.

Magari ya wafanyakazi yanatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kurudi jioni. Kufuta gari moja, pamoja na kutembea mpaka geti la jirani, ni kama dakika 15. Akianza saa kumi na moja alfajiri, anafuta magari sita, basi. Kuosha gari zima kwa mikono, ndani na nje, ni kama dakika 45. Jioni baada ya kazi anapata mawili kabla giza halijakolea.

Wateja wanane wanahitaji kuoshewa mara 16 kwa wiki. Jioni tano kwa magari mawili ni 10, na Jumamosi magari yakiwa nyumbani anaosha sita. Zinatimia 16 kamili. Kufuta ni mara 32 kwa wiki, na asubuhi sita za magari matano au sita zinatosha. Mteja wa tisa akiingia, kitu kinaachwa, na mara nyingi kinachoachwa ni ile nusu ndoo ya kusuuzia kitambaa.

Kwa wanane hao mapato ni 320,000. Maji yakiwa ya kununua kwa shilingi 100 ndoo ni 25,600. Weka karibu 25,000 ya shampuu na vitambaa vipya. Kinachobaki ni karibu 270,000. Mchana yuko huru; akikaa kijiweni akaosha bodaboda na bajaji, hiyo ni nyongeza. Barabarani aongee kwanza na serikali ya mtaa, na ajue kwamba hifadhi ya barabara si mahali pa kujenga banda, kwa kuwa anaweza kuondolewa siku yoyote.

Halafu kuna masika, Machi mpaka Mei. Wa barabarani hupotea, maana nani ataosha gari lioge matope saa hiyohiyo? Mteja wa mwezi naye ataanza kuuliza analipia nini. Jibu litolewe siku ya kwanza: siku ya mvua, badala ya kufuta nje, anasafisha ndani, yaani viti, dashibodi na kapeti. Kapeti zikauke kabisa kabla hazijarudishwa, la sivyo gari litanuka, na lawama ni zake.

Utume nini, na uangalie nini

Vifaa ni hivi: ndoo nne, kopo, brashi ya rimu, vitambaa laini vya maikrofaiba visivyopungua sita, taulo mbili za kukaushia, na shampuu. Kwa mfano wetu tunaweka shilingi 80,000 kwa vyote. Vitambaa vya maikrofaiba huku vinauzwa kwa pakiti. Ukipata mtu anayesafiri, mpe. Vya rangi mbili ni bora: moja ya bodi, moja ya matairi, visichanganyike.

Mwambie kabla ya kuosha gari la mteja mpya alizunguke na mwenyewe, na mikwaruzo iliyopo aipige picha kwa simu. Asiwashe gari wala kulisogeza, hata akiombwa. Akiligonga, deni litafika kwako huko uliko.

Kisha mwombe daftari, si maneno. Ukurasa mmoja kwa kila mteja: tarehe, ameosha au amefuta, amelipwa kiasi gani. Kila Jumapili apige picha akutumie. Usiangalie sana mwezi wa kwanza, kwa sababu ndugu na majirani humwonea mtu huruma mara moja. Angalia mwezi wa pili: ni wangapi wamelipa tena bila kukumbushwa?

Wakiwa wanne au zaidi, kazi ipo. Wakifika wanane na kuna wengine wanaosubiri, hapo ndipo mzungumze kama aongeze kijana wa pili mwenye ndoo zake, au anunue mashine kwa hela aliyoiweka mwenyewe, wewe ukimwongezea kidogo. Na kama mwezi wa pili amebaki na mmoja, umepoteza 80,000, na ndoo bado zipo nyumbani, mama atazitumia. Ile hela ya miezi yako kadhaa bado iko kwenye akaunti yako.