Tone Linalozama: Nani Anaweza Kuchangia Damu

Video ya kuhamasisha uchangiaji damu ina kazi moja ngumu: kujibu hofu za anayeitazama kabla hajaondoka. Hofu kubwa ni ya kuishiwa damu. Mtu mzima ana lita nne hadi tano hivi za damu, na mfuko anaochangia huchukua mililita 450. Majimaji yaliyopotea hurudi ndani ya siku moja au mbili. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, na akiba ya madini ya chuma ndiyo inayochelewa zaidi kujaa. Kwa hiyo nchini Tanzania mwanamume husubiri miezi mitatu kabla ya kuchangia tena, na mwanamke minne, kwa kuwa yeye hupoteza chuma pia kwa hedhi.

Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi. Mjamzito na anayenyonyesha husubiri. Kisha hupimwa wingi wa damu, na hapa ndipo wengi wanaojiona wazima hukwama. Mhudumu humtoboa kidole, kisha hudondosha tone moja kwenye myeyusho wa buluu wa mrututu. Tone likizama upesi, damu imefikia gramu 12.5 kwa desilita. Likielea, haitoshi.

Tuseme msichana wa miaka 24 mwenye kilo 58 anaona tone lake likielea. Anarudiwa kwa mashine, inasoma 11.6. Hachangii siku hiyo, na si aibu wala si lazima awe mgonjwa, ila anapaswa kutafutiwa sababu. Maini, dagaa na maharage humsaidia; chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma kufyonzwa, basi aisogeze mbele saa moja au mbili.

Hofu ya kuambukizwa na sindano haina msingi: sindano huja imeunganishwa na mfuko mpya, hutumika mara moja na kutupwa. Kizunguzungu ndicho kinachotokea kweli, hasa kwa aliyekuja na njaa. Dalili zake ni miayo, jasho la baridi na uso kupauka. Mhudumu husimamisha utoaji, humlaza na kumwinua miguu, na kwa kawaida hali hupita baada ya dakika chache.

Kila mfuko hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Lakini aliyeambukizwa karibuni anaweza kupita kipimo bila kugundulika, huku damu yake ikiambukiza. Ndiyo maana dodoso huuliza mambo ya faragha, kama vile mwenzi mpya. Anayetaka tu kujua hali yake aende kupima kituo cha afya, asipitie kwenye mfuko wa damu. Na aliyeona haya kusema ukweli mbele ya rafiki zake anaweza kumnong'oneza mhudumu baadaye, au hata kumpigia simu akishafika nyumbani, na mfuko wake utawekwa kando.